UZI: Ekstensheni imeyeyuka tukirekodi usiku Mbuyuni, Moshi. Je, tukodi jenereta kubwa zaidi?

MwongozajiMbuyuni

Habari za jioni ndugu zangu. Sisi ni kikundi cha watu 6 hapa Moshi na tunarekodi filamu fupi ambayo sehemu yake kubwa inatokea usiku, katika njia ya pembeni ya Soko la Mbuyuni. Ijumaa iliyopita tulikuwa tumewasha taa 3 za halojeni, kila moja wati 800, kwa kutumia jenereta ya kilowati 3 tuliyoikodi. Tuliiweka mbali kwa sababu ya kelele, tukavuta umeme kwa ekstensheni ile ya gurudumu yenye waya wa mita 30. Njia yenyewe ni fupi, kwa hiyo tulifungua kama mita 10 tu na nyingine zikabaki zimezungushwa kwenye gurudumu.

Baada ya dakika 40 hivi tulisikia harufu ya plastiki inayoungua. Taa zilikuwa zinawaka vizuri na fyuzi ya plagi ilikuwa nzima. Msaidizi wetu wa taa alipoligusa gurudumu aliukuta waya wa juu una joto la kawaida, lakini tulipozima na kuufungua, tabaka za ndani zilikuwa zimeshikana kama ubani uliotafunwa. Katika haraka ile ile alikwenda kufunga mabawa ya taa, yale ya chuma ya kuelekeza mwanga, kwa mkono mtupu na akaungua vidole 3. Tulimpaka dawa ya meno tukaendelea na kazi.

Alhamisi tunarudi pale pale kumalizia tukio la mwizi kufukuzwa gizani na watu wanaopiga kelele. Swali langu ni hili: je, jenereta ya kilowati 5 itaondoa tatizo la waya kuyeyuka?

BabaTaa_Sakina

Ndugu Mwongozaji, pole kwa msaidizi wako. Jenereta haina kosa hapa, na ukikodi ya kilowati 5 waya utayeyuka vile vile, tena utakuwa umelipa zaidi. Naomba tufanye hesabu pamoja kwa sababu jibu lote limo humo.

Taa 3 za wati 800 ni wati 2400. Ukigawa kwa volti 230 unapata ampia 10 na nusu, pungufu kidogo. Fyuzi ya plagi yako ni ya ampia 13, kwa hiyo haikuwa na sababu yoyote ya kukatika. Kwake yeye kila kitu kilikuwa sawa. Fyuzi hupima umeme unaopita. Haiwezi kujua kwamba waya umelundikwa.

Sasa angalia waya wenyewe. Ekstensheni nyingi za aina hiyo zina waya wa shaba wa milimita mraba 1.5. Kwa mita 30, kwenda na kurudi, upinzani wake ni kama omu 0.7. Ampia 10 na nusu zikipita humo, waya unageuza karibu wati 80 kuwa joto. Waya ukiwa umelala wazi chini, wati 80 zilizosambaa kwenye mita 30 huzihisi hata kidogo. Lakini ninyi mliacha mita 20 kwenye gurudumu, maana yake wati 50 na kitu zilifungiwa ndani ya furushi moja la plastiki. Chukua balbu ya zamani ya wati 60, iwashe, kisha izungushie blanketi kwa dakika 40. Ndivyo mlivyofanya.

Ndiyo maana tabaka ya juu ilikuwa na joto la kawaida, kwa kuwa inapigwa na hewa, wakati tabaka za ndani zinapashana joto zenyewe kwa zenyewe. Anayepima kwa kugusa juu atadanganyika daima. Pua yenu iliwaambia ukweli kabla ya mkono.

Geuza gurudumu usome kibandiko chake. Mara nyingi utakuta viwango viwili: kimoja cha waya uliozungushwa, ambacho kwenye yangu ni wati 1000, na kingine cha waya uliofunguliwa wote, ambacho ni wati 3000. Mzigo wenu wa 2400 uko ndani ya kiwango cha pili na ni zaidi ya mara mbili ya kiwango cha kwanza. Fungua waya wote mpaka uone plastiki ya gurudumu, hata kama taa iko hatua 5 kutoka kwenye jenereta. Mita zinazobaki zilaze chini kwa mikunjo mipana ya namba nane, mahali pasipopitwa, na usizifunike kwa turubai wala nguo.

Ile iliyoyeyuka msiifungie utepe na kuirudisha kazini. Ikateni plagi kabisa, ili mtu asije akaiokota na kuitumia.

KijanaWaNjiro

Shikamoo mzee. Mimi naona fyuzi ilikuwa bandia, maana ziko nyingi madukani, na fyuzi halali ingekata kabla plastiki haijayeyuka. Na kuhusu kufungua waya wote, nusu inatosha. Nimefanya hivyo miaka miwili kwenye video za muziki na sijawahi kupata tatizo.

BabaTaa_Sakina

Marahaba kijana. Kuhusu fyuzi bandia uko sahihi kwamba zipo, na mtu akikuta fyuzi imefungiwa kipande cha waya au karatasi ya sigara aiondoe kabla hajawasha chochote. Lakini kwa mzigo wa ampia 10 na nusu hata fyuzi bora kuliko zote ya ampia 13 ingebaki nzima, kwa hiyo hapa si mkosaji.

Kuhusu nusu, nadhani taa zako zilikuwa ndogo. Kila mita inayobaki kwenye gurudumu inatoa joto lile lile na haina pa kulipeleka. Mwongozaji alifungua theluthi moja na umeona kilichotokea. Ukifungua nusu unachelewesha tu muda, na usiku wa kurekodi una saa nyingi.

Kuna jambo ambalo lingeweza kukuumiza hata ukifungua waya wote, nalo ni waya wenyewe kuwa si shaba. Kwangua ncha kwa kisu: ukiona weupe chini ya rangi ya shaba, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa, na itapata joto zaidi kwa mzigo ule ule. Kwa hiyo kila ekstensheni mpya naipima kwanza nyumbani. Naifungua yote, naipa mzigo kamili kwa dakika 15, nazima, nachomoa, kisha napitisha mkono kwenye waya, kwenye plagi na kwenye soketi. Plagi na soketi ndiko joto huanzia mara nyingi, kwa sababu skrubu ya ndani imelegea. Uvuguvugu unakubalika. Ikiwa huwezi kuishika plagi ukahesabu hadi 10, haifai.

MamaHarusi_Arusha

Mimi nashangaa kwa nini watu bado wanahangaika na halojeni. Nilinunua taa za LED mwaka 2021 kwa ajili ya harusi, kila moja ni wati 200, na siku hizi naziwasha 3 kwenye ekstensheni ya kawaida bila wasiwasi. Acheni hizo taa za kizamani na uzi huu utakuwa umeisha.

Ila nami niseme ya kwangu. Mwaka jana katika sherehe ya bustanini, nje kidogo ya mji, taa yangu yenye kile kibanda cha kitambaa cha kulainisha mwanga ilianguka juu ya meza ya wazee. Taa haikuwa nzito na stendi ilikuwa imara, na hata mfuko wa mchanga niliuweka, kilo kama 5, juu ya mguu mmoja. Upepo ulikuja mara moja tu ikalala. Mpaka leo sijaelewa kosa langu lilikuwa wapi, na mama mmoja alipata jeraha la paji la uso.

BabaTaa_Sakina

Dada, kuhusu LED nakubaliana nawe kwa asilimia zote, na mwenye uwezo azinunue. Mwongozaji anazo halojeni za kuazima na Alhamisi iko karibu, ndiyo maana tunazungumzia hizo.

Kosa lako lilikuwa kitambaa. Ukiweka kitambaa mbele ya taa umetweka tanga, na stendi imekuwa mlingoti. Uzito wa taa hauna maana tena, kwa kuwa upepo unasukuma tanga kutoka juu na kuna mita 2 au 3 za kuusaidia. Na mfuko uliolala chini na kugusa mguu tu hauvuti kitu mpaka stendi ianze kuinuka, wakati imeshachelewa.

Mimi hufanya hivi: natanua miguu mpaka mwisho, naelekeza mguu mmoja upande ambao taa inainamia, kisha mfuko wa kilo 10 naupachika juu ya mguu huo ili uning'inie pasipo kugusa ardhi. Kukiwa na kitambaa naongeza mfuko wa pili upande unaotoka upepo, na naishusha stendi. Moshi usiku hupata upepo unaoteremka kutoka mlimani, hata jioni iwe imetulia. Kitambaa kikianza kupumua, kuvimba na kunywea, ondoa kitambaa bila kusubiri mwongozaji aseme.

Viroba vya mchele vinafaa kwa mchanga, mradi uviweke viwili viwili, kimoja ndani ya kingine, kwa sababu kimoja huchuja. Ukiitundika taa kwenye paa la kibanda, pitisha mnyororo mdogo kwenye mkono wa taa na boriti. Usiupitishe kwenye mabawa, maana mabawa huchomoka. Na kabla hujanyanyua stendi yoyote, tazama nyaya za TANESCO juu yako: simama mahali ambapo stendi, hata ikianguka ikiwa imenyooshwa yote, haiwezi kuzifikia.

NesiWaPasua

Nimesoma mpaka hapa nikiwa na hofu kwa yule kijana wa vidole, kwa sababu kila mtu amepita juu yake. Dawa ya meno inaziba joto ndani ya ngozi na inatupa shida sisi wa hospitali, kwa kuwa lazima tuioshe jeraha likiwa tayari linauma. Asali, mafuta, yai na barafu navyo msivitumie.

Kinachotakiwa ni maji ya kawaida ya baridi kwa dakika 20 kamili, na yaanze mara moja. Najua Mbuyuni usiku hamna bomba karibu. Chukueni dumu la lita 20 la maji safi, likae pembeni ya taa kila usiku, pamoja na kata. Mkimwagilia polepole, lita moja kwa dakika, dumu hilo linatosha dakika 20 zote. Wakati maji yanaendelea, vueni pete na saa, kwa sababu baada ya nusu saa kidole kitakuwa kimevimba na pete haitatoka. Kisha funikeni kwa shashi safi isiyonata au ile nailoni laini ya kufungia chakula, bila kuizungusha kwa kukaza. Malengelenge msiyapasue.

Ikiwa sehemu iliyoungua inazidi kiganja cha mwenyewe, au ni uso, kiungo, au mkono wenye malengelenge, aende hospitali usiku huo huo. Mwongozaji, vidole vya huyu kijana vikoje leo? Kama kuna malengelenge au sehemu nyeupe isiyouma, usisubiri Alhamisi. Kutouma huko ndiko kubaya zaidi.

Na kwa aliyerushwa na umeme, zimeni jenereta kwanza kabla ya kumgusa. Akiwa hapumui au anatweta ovyo ovyo, mmoja apige simu na mwingine aanze kukandamiza kifua katikati, kwa nguvu, kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, asiache. Akiinuka na kusema yuko sawa, bado mleteni tumpime moyo, hasa ikiwa alizimia au umeme uliingia mkono mmoja ukatokea mwingine. Alama juu ya ngozi inaweza kuwa ndogo kama punje ya mtama na ndani kukawa na madhara makubwa.

MwongozajiMbuyuni

Nesi, nashukuru sana, na nakiri kwamba kuendelea na kazi usiku ule lilikuwa kosa langu mimi niliyekuwa na mamlaka ya kusimamisha. Kijana ana lengelenge moja kwenye kidole cha shahada. Nimeshampigia simu, asubuhi naenda naye Mawenzi.

Mzee BabaTaa, ninaomba uniambie kuhusu joto la taa zenyewe, kwani upande mmoja wa njia kuna vibanda vya mitumba vyenye nguo zilizoning'inizwa. Na kuhusu watu, nilidhani kamba na vijana wawili wanatosha.

BabaTaa_Sakina

Kwa nguo za mitumba, acha mita moja na nusu mbele ya taa bila kitu chochote kinachoweza kuungua, na juu ya taa pia, kwa sababu joto hupanda. Zungumza na wenye vibanda, safu ya mbele iondolewe. Karatasi za rangi zibanwe kwenye mabawa kwa vibanio vya mbao vya nguo, kwani vya plastiki huyeyuka. Glovu za ngozi zining'inie kwenye kila stendi. Zikiwa ndani ya begi ni sawa na kutokuwa nazo. Ukizima, hesabu dakika 15 kabla ya kufunga taa kwenye sanduku, na usiibebe ikiwa inawaka. Balbu usiishike kwa vidole, maana mafuta ya ngozi huacha doa linalopata joto kupita sehemu nyingine na balbu hupasuka. Manyunyu nayo huipasua, kwa hiyo wavu wa mbele usiondolewe na tone la kwanza la mvua ni amri ya kuzima.

KijiweMajengo

Naomba nizungumzie watu, kwa kuwa niliendesha bodaboda Moshi miaka 7 na sasa nashughulika na lokesheni. Ndugu zangu mmeongea sana kuhusu waya, lakini katika mpango wa Alhamisi jambo lililonitisha kuliko yote ni tukio la mwizi. Kijana anakimbia gizani katika soko, watu nyuma yake wanapiga kelele "Mwizi!", na kamera iko mbali. Mtu anayetokea njia ya pili haioni kamera. Anasikia neno lile moja, na mnajua linavyopokelewa mtaani. Mawe huokotwa kabla ya maswali.

Nimewahi kuona mwigizaji akipigwa rungu la mguu na mlinzi wa duka ambaye hakuambiwa lolote. Mlinzi hakuwa na nia mbaya. Tangu siku hiyo sikubali neno hilo litamkwe mahali pa wazi. Waigizaji wapaze sauti kwa neno jingine, hata "Simba!" na midomo isionekane karibu, kisha sauti ya "Mwizi!" irekodiwe ndani ya chumba na kupachikwa baadaye. Mkimbiaji asikimbie peke yake: mtu wa kikundi aliyevaa kizibao chenye kung'aa amsubiri mwisho wa njia, na mwingine kwenye kila kichochoro kinachoingilia. Tukio likatwe kabla hajafika pasipo na mtu wenu.

Siku moja kabla, mwenyekiti wa mtaa, walinzi wa usiku na vijiwe vya bodaboda vya jirani waonyeshwe sura ya mwigizaji na nguo atakazovaa. Kituo cha polisi kijulishwe kwa barua, zaidi ya kile kibali cha Bodi ya Filamu.

KijanaWaNjiro

Hapo kwenye kutangaza sikubaliani nawe kaka. Ukiwaambia watu jana yake, Alhamisi watakuja 300 badala ya 30, na watoto watasimama juu ya nyaya.

KijiweMajengo

Watakuja wengi, sikatai, na mara moja nilishindwa kabisa tukaahirisha. Ndiyo maana nimetaja walinzi, vijiwe na mwenyekiti. Sikutaja kipaza sauti. Lakini ukinilazimisha kuchagua kati ya umati unaojua na wachache wasiojua, nachagua umati.

Nyaya zisipite njia ya watu. Panapolazimika, zivuke kwa mkato ulionyooka, zifunikwe kwa mkeka wa mpira, na mtu mmoja asimame hapo bila kazi nyingine yoyote. Kamba ya kuzuia watu iwe usawa wa kiuno, kwani ya chini inaangusha.

FundiUmeme_Kaloleni

Nina nyongeza moja kuhusu jenereta. Wengi huweka ile swichi inayojikata umeme unapovuja, ya miliampia 30, wakaridhika. Katika jenereta nyingi ndogo za kubeba, waya wa nyutro haukuunganishwa na fremu. Umeme ukivuja kupitia mtu hauna njia kamili ya kurudi kwenye jenereta kupitia ardhi, na swichi haioni tofauti. Kitufe chake cha majaribio kitabofya vizuri tu, kwa sababu kinatumia njia yake ya ndani, kwa hiyo kubofya si ushahidi kwamba italinda katika hali hiyo. Wengine hupigilia fimbo ya ethi wakadhani wamemaliza, lakini bila muunganisho wa nyutro fimbo haibadilishi hilo.

BabaTaa_Sakina

Fundi, hapo mimi na wewe tumewahi kubishana. Nyutro isipounganishwa, kosa la kwanza la kuvuja halimuumizi mtu, kwa sababu hiyo hiyo kwamba hakuna njia ya kurudi. Kwa jenereta moja na taa 3, mimi huiacha ilivyotoka kiwandani.

FundiUmeme_Kaloleni

La kwanza halimuumizi, nakubali. Lakini halionekani wala halisikiki, linabaki likingoja la pili, na kwa nyaya zinazokanyagwa usiku kucha sokoni la pili haliko mbali. Ningeunganisha na kupima kwa kifaa, na kazi hiyo ifanywe na fundi, asiifanye mtu wa kamera.

MwongozajiMbuyuni

Nimeyaandika yote. Asubuhi hii kwenye kibandiko cha gurudumu letu nimekuta wati 1100 likiwa limezungushwa na 3000 likiwa wazi. Tulikuwa nalo miezi minane na hakuna aliyewahi kuligeuza. Alhamisi tutakuwa na ekstensheni mbili, moja ikibeba taa 2 na nyingine taa 1, zote zikiwa zimefunguliwa mpaka mwisho, na taa zitawashwa moja moja. Dumu, kata na shashi vitakuwa chini ya msaidizi wa pili. Kelele itakuwa "Simba!", na watu wanne watasimama kwenye vichochoro, jambo linalomaanisha kwamba mimi mwenyewe nitashika kichochoro kimoja na mpiga picha ataongoza tukio hilo.

Daktari amesema vidole vitapona bila kupandikizwa ngozi, ila kijana asiguse taa kwa wiki mbili. Fundi wa Kaloleni, je, unaweza kufika Moshi Jumatano ukaipime jenereta hiyo? Mwenye jenereta amekubali ifunguliwe mbele yake.